Badizo, Mpira au Kisu: Mhadhara juu ya Kuhasi Ndama, Kondoo na Mbuzi



Swali nililoletewa ni hili: kati ya badizo, mpira na kisu, kipi bora kwa kuhasi? Nitalijibu, ila naomba tuanzie mbele kidogo ya pale swali linapoanzia. Vifaa hivi vyote vitatu, vikiwa mikononi mwa mtu anayejua, humaliza kazi kwa dakika chache. Tofauti yao kubwa huanza mnyama akishaachiwa. Badizo huacha korodani zilizokatiwa damu ndani ya ngozi iliyo nzima. Mpira huacha nyama inayokufa huku ikining'inia mwilini kwa wiki kadhaa. Kisu huacha kidonda kilicho wazi. Kwa hiyo anachokichagua mfugaji, hasa, ni hali gani kati ya hizo tatu ataweza kuitunza, kwa umri wa mnyama aliye naye, kwa msimu uliopo, na kwa umbali wa kutoka bomani hadi kwa daktari wa mifugo.

Nitakaa zaidi kwenye badizo. Naamini ndicho kifaa kinachofaa maboma mengi ya nyanda kavu za Dodoma, Singida na Shinyanga, na ndicho pia ninachokiona kikitumiwa vibaya mara nyingi zaidi.

Kwanza maumbile, kwa kifupi, maana bila hayo mengine yote yatakuwa amri za kukariri. Kila korodani imening'inia kwa mshipa wake. Ninaposema mshipa wa korodani nina maana ya fungu zima: ndani yake kuna mishipa ya damu inayoshuka na inayopanda, mishipa ya fahamu, na mrija wa mbegu. Ukiushika mfuko wa korodani wa ndama kwa juu, kati ya kidole gumba na cha shahada, utauhisi mshipa huo ukiteleza. Kuna mmoja kulia na mmoja kushoto, na haiungani. Ngozi ya mfuko nayo ina damu yake, inayokuja kwa njia ya ngozi yenyewe, tofauti na damu ya korodani. Jambo hili la mwisho ndilo msingi wa badizo: unaweza kuua mshipa wa ndani na kuiacha ngozi ikiishi, mradi usiibane ngozi yote kwa pamoja.

Kumbukeni vilevile kwamba korodani ina kazi mbili. Inatengeneza mbegu, na inatengeneza homoni inayomfanya dume awe dume: shingo nene, harufu ya beberu, kupigana, kupanda. Korodani ikifa, vyote viwili hukoma. Ikibaki hai lakini ikasukumwa juu hadi ikagusa tumbo, joto la mwili huharibu mbegu ila homoni huendelea kutoka. Nitalirudia hili tutakapofika kwenye mpira.

Badizo imechukua jina la daktari wa mifugo wa Kiitaliano, Napoleone Burdizzo, aliyeibuni mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake, na hata leo katika baadhi ya maboma, watu wameponda mishipa ya dume kwa jiwe au kwa vipande vya mti. Nia ilikuwa ileile, kuua mshipa bila kumwaga damu. Lakini jiwe linaponda ngozi, linaponda korodani, na mnyama anateseka muda mrefu. Badizo ina meno mawili butu, yaliyonyooka, yanayokutana sambamba kwa nguvu kubwa katika mstari mwembamba. Ngozi hunyumbuka, hivyo huminywa ikabaki. Mshipa ulio ndani hukatika.

Zipo za ukubwa mbalimbali. Ya takribani sentimita 23 ni ya mbuzi na kondoo wadogo. Za sentimita 40 na 48 ni za ng'ombe. Kumhasi mwanambuzi kwa badizo ya ng'ombe ni hatari, maana meno yake ni mapana kuliko mfuko wenyewe na utabana usichokiona. Kumhasi ndama mkubwa kwa badizo ndogo ni kupoteza muda, haitafunga sawasawa.

Kabla hujamshika mnyama yeyote, ipime badizo. Chukua karatasi, ikunje, weka uzi wa pamba katikati ya mkunjo, kisha bana. Uzi ukatike na karatasi isikatike. Uzi ukibaki mzima, meno yamelegea au yamepinda, na mshipa wa mnyama utabaki mzima vilevile. Karatasi ikikatika, meno yana ncha kali au kutu iliyochongoka, na ngozi itakatika. Pima pembeni na katikati ya meno, sehemu tatu, kwa sababu badizo iliyochoka huwa inabana upande mmoja tu. Badizo nyingi huharibikia stoo. Watu huziweka zikiwa zimefungwa, na chuma kinachokaa miezi katika mkazo hulegea. Iwekwe wazi, meno yamepakwa mafuta, viungo vyake vimetiwa oili, mahali pakavu. Na isipitishwe boma kwa boma bila kupimwa upya. Badizo moja mbovu ya kijiji hufanya wafugaji wote waseme njia yenyewe haifai.

Sasa kazi. Mwanambuzi ashikwe na msaidizi aliyekaa, mgongo wa mnyama kifuani pake, mguu wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja ikishikwa pamoja kwa kila mkono, ili mfuko ubaki wazi mbele ya anayehasi. Ndama mkubwa aangushwe kwa kamba au aingizwe kwenye kibanio. Kwanza papasa: korodani zote mbili zimeshuka? Je, kuna uvimbe laini juu ya mfuko unaorudi ndani ukiusukuma? Huo unaweza kuwa utumbo ulioshuka, yaani ngiri, na mnyama huyo haguswi na yeyote asiye daktari, kwa kifaa chochote kati ya hivi vitatu.

Chukua mshipa wa upande mmoja, uvute kwa vidole hadi ukae pembeni kabisa mwa mfuko, kwa nje. Weka meno ya badizo juu ya korodani: sentimita 1 hadi 2 juu yake kwa mwanambuzi, sentimita 3 hadi 5 kwa ndama. Usipande juu zaidi ukaribie tumbo, kwa sababu huko uume wa dume na mrija wa mkojo viko karibu, na mrija ukibanwa mnyama atashindwa kukojoa. Angalia chuchu ndogo za dume zisiingie menoni. Shikilia mshipa kwa kidole usiteleze, kisha funga kwa mkupuo mmoja. Mara nyingi utahisi, na pengine kusikia, mshipa ukikatika. Usifungue haraka. Kwa mwanambuzi hesabu polepole hadi 10, kwa ndama hadi 30. Fungua, shuka kama sentimita 1, bana mshipa uleule mara ya pili. Kisha upande wa pili, mara mbili vilevile.

Hapa ndipo watu huharibu. Mistari ya kulia na ya kushoto isikutane. Katikati ya mfuko lazima pabaki ngozi ambayo haijabanwa, na ni vizuri mistari ya upande mmoja ikae juu kidogo kuliko ya upande mwingine. Anayetaka kumaliza upesi akabana mfuko wote mara moja, toka ukingo hadi ukingo, amekata damu ya ngozi. Siku chache baadaye mfuko utakuwa baridi, utabadilika rangi, utakauka na kuanguka. Hapo mfugaji anakuwa na kidonda cha kisu na nyama mfu ya mpira kwa mnyama mmoja, bila kuwa amejiandaa kwa lolote kati ya hayo.

Baada ya badizo, mfuko huvimba. Hili lazima mfugaji aambiwe mapema, la sivyo atachanja uvimbe kwa wembe akidhani ni jipu. Siku tatu za kwanza korodani huwa kubwa, ngumu na za moto. Mnyama hutembea amepanua miguu ya nyuma. Kufikia wiki ya pili uvimbe umeshapungua sana. Hakuna dawa ya kupaka inayohitajika, maana hakuna kidonda. Kinachohitajika ni kumtenga na majike, kwa sababu mbegu zilizokwisha kutengenezwa zinaweza kubaki kwenye mirija iliyo juu ya mahali palipobanwa. Wiki sita ndizo ninazowaambia watu.

Na katika wiki hiyo ya sita unarudi kupapasa. Korodani iliyokufa imekuwa ndogo na ngumu, haina ule ulaini unaorudisha kidole, na juu yake mshipa una pengo au mahali palipobapa. Iliyonusurika imejaa kama zamani. Ukikuta moja imekufa na nyingine hai, rudia upande huo. Badizo ina kasoro hii moja kubwa, kwamba siku ya kazi huna uhakika. Anayeichagua amekubali kurudi. Asiyerudi asishangae kumuona maksai wake akipanda mitamba mwaka unaofuata.

Nije kwenye mpira. Ni pete ndogo nene, inayopanuliwa kwa koleo lenye ncha nne. Unapitisha mfuko pamoja na korodani zote mbili katikati ya pete, unahakikisha zote ziko chini yake na chuchu ziko juu yake, unaachia koleo, unachomoa ncha. Kazi haimwagi damu, haihitaji nguvu, na pete ni bei nafuu. Urahisi huo ndio unaowavuta watu kuutumia mpira mahali ambapo haufai.

Mpira ni wa siku za mwanzo kabisa za maisha. Uingereza sheria inaruhusu kuutumia bila ganzi ndani ya siku 7 za kwanza tu, kwa ndama, kondoo na mbuzi, na mimi ningeshika mpaka huohuo hapa kwetu. Mnyama akikua, mfuko huwa mnene. Pete hubana mishipa inayorudisha damu, ambayo ni laini, lakini hushindwa kufunga kabisa ile inayoleta. Damu inaingia haitoki. Mfuko unavimba, unakuwa wa zambarau, mnyama analala na kuinuka, anapiga teke tumbo, na mateso hayo yanaweza kuendelea kwa siku nyingi. Katika mtoto wa siku tatu pete hufunga vyote mara moja, maumivu huwa makali kwa saa chache halafu ganzi hutawala, na mfuko uliokauka huanguka baada ya wiki mbili hadi nne. Hata hivyo tusidanganyane kwamba hawaumii kwa sababu ni wadogo. Mwanakondoo aliyefungwa mpira hukunja mgongo, hujilaza na kuacha kunyonya kwa muda. Ndiyo sababu afungwe baada ya kushiba dang'a na kumzoea mama yake, si dakika ile anapodondoka.

Kosa la kawaida ni pete kushika korodani moja. Ile ya pili ilipanda juu wakati mtoto akihangaika, pete ikafunga chini yake. Mfuko unaanguka, ngozi inapona, na kwa macho mnyama amehasiwa. Lakini iko moja chini ya ngozi ya tumbo, haizalishi mbegu kwa sababu ya joto, ila inatoa homoni. Beberu wa namna hiyo ananuka, anapigana, anasumbua majike, na nyama yake ina harufu. Kwa hiyo kabla ya kuchomoa koleo hesabu kwa vidole: mbili, chini ya pete. Kama si mbili, kata pete upesi uanze upya. Na pete zilizokaa juani dirishani hupasuka baada ya siku mbili, nyama ikiwa nusu hai nusu mfu. Zitunzwe gizani, penye ubaridi.

Lakini hofu yangu kubwa juu ya mpira ni pepopunda. Kijidudu chake kimo kwenye udongo na mavi ya mazizi yetu, na kinastawi mahali pasipo na hewa. Nyama inayokufa chini ya pete, yenye unyevunyevu pale ngozi inapoanza kuachana, ni mahali hasa panapokifaa. Dalili huja kwa kawaida wiki moja hadi tatu baadaye, wakati mfugaji ameshasahau siku aliyofunga. Mtoto anatembea amekaza miguu, halafu anasimama amekakamaa kama benchi la mbao, masikio yamesimama, taya halifunguki, utando wa pembeni mwa jicho unafunika nusu ya jicho ukimshtua. Wengi wa wanaofika hapo hufa.

Kinga yake lazima ipangwe kabla ya kuzaliwa. Jike aliyekwisha kupata chanjo ya pepopunda zamani, akarudiwa wiki nne hadi sita kabla ya kuzaa, humpa mtoto kinga ndani ya dang'a. Hapo mpira unakuwa salama zaidi. Kumchanja mtoto siku ileile ya kumfunga hakumsaidii kwa wakati, kwa sababu mwili unahitaji wiki kadhaa na dozi ya pili kutengeneza kinga yake. Kinachofanya kazi mara moja ni seramu ya kupambana na sumu ya pepopunda, na hiyo hutolewa na daktari. Kwa maneno mengine, anayeniuliza kama atumie mpira ninamuuliza kwanza: mama wamechanjwa? Kama hapana, na seramu haipatikani, mpira uwekwe kando.

Kisu nitakisema kwa ufupi, maana si kazi ninayotaka mtu aondoke hapa akaijaribu. Faida yake ni moja na ni kubwa: korodani ziko mkononi, hakuna kubahatisha. Mfuko huoshwa, theluthi ya chini ya ngozi hukatwa, korodani huvutwa nje, na mshipa hukatwa kwa koleo linaloponda na kukata kwa pamoja, au hufungwa kwa uzi kwanza. Jeraha halishonwi chini. Huachwa wazi ili maji yatoke. Anayelishona kwa huruma amefungia usaha ndani.

Matone yanayodondoka kwa dakika kadhaa si ya kutisha. Damu inayochuruzika bila kukatika ni mshipa ulioachia, na lazima ushikwe tena na kufungwa. Ndiyo maana aliyefanya kazi haondoki upesi. Kisha kuna inzi. Wakati wa masika, katika zizi lenye tope, kidonda kilicho katikati ya miguu ya nyuma ni mwaliko wa funza. Kisu ni cha kiangazi, asubuhi, mahali pakavu, na mnyama atembee kila siku ili jeraha lisizibe mapema. Siku kumi mfululizo mtu amkague: uvimbe unaozidi badala ya kupungua, harufu, mnyama kubaki nyuma ya kundi.

Ganzi. Kwa kisu ningependa isiwe jambo la hiari katika umri wowote, na kwa badizo ningependa itumike kwa kila mnyama mkubwa. Daktari hudunga lignokaini kwenye mshipa wa kila upande na kwenye ngozi, kisha husubiri dakika tano au zaidi. Kuna tahadhari kwa mbuzi na kondoo ambayo hata baadhi ya wataalamu huisahau. Wanadhurika na dawa hii kwa kiasi kidogo. Kipimo salama kinachotumiwa sana ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Mwanambuzi wa kilo 10 basi anastahili miligramu 50 zisizidi. Lignokaini ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita, kwa hiyo ni mililita 2.5 kwa sehemu zote kwa jumla. Anayemwaga mililita 5 kila upande kama alivyozoea kwa ng'ombe anaweza kumuua kwa degedege mnyama aliyetaka kumwondolea maumivu. Ganzi inaisha baada ya saa moja au mbili, ndiyo maana dawa ya maumivu kama meloksikamu, kwa kipimo cha daktari, ina maana kwa siku hiyo na inayofuata.

Tuchukue boma moja la mfano ili mwone uamuzi unavyokwenda. Liko Kongwa, ni mwezi wa Juni, mvua zimekwisha, ardhi imekauka. Wapo wanambuzi tisa madume wa miezi miwili hadi mitatu, wanakondoo wawili wa siku nne, ndama dume mmoja wa miezi mitano, na dume wa miaka miwili ambaye mwenye boma anataka awe maksai wa plau. Majike hawajawahi kuchanjwa pepopunda. Daktari yuko mbali, anaweza kufika siku moja kwa miadi.

Wanambuzi ndio wa haraka. Beberu mdogo anaweza kupandisha akiwa na miezi minne, wakati mwingine mapema zaidi, na katika kundi linalochungwa pamoja atawapanda dada zake na mama yake. Kabla ya kuhasi, tunachagua anayebaki: yule mkubwa kuliko wenzake wa umri wake, mama yake mwenye maziwa, miguu imenyooka, na si wa kutoka kwa beberu aliyeko bomani kama atawapanda mabinti wa huyo huyo. Tukipapasa tunamkuta mwanambuzi mmoja mwenye korodani moja tu mfukoni. Huyu hahasiwi kwa badizo wala mpira. Ukiiua iliyoshuka, iliyojificha itaendelea kutoa homoni, na mnunuzi atauziwa maksai asiye maksai. Tabia hiyo hurithiwa pia, hivyo hafai kubaki beberu. Anawekewa alama sikioni na kuuzwa nyama kabla hajakua. Waliobaki saba wanahasiwa kwa badizo ya sentimita 23, kwa sababu mishipa yao sasa ni minene ya kutosha kushikika kwa vidole, na hakuna kidonda cha kuwatunza malishoni.

Wanakondoo wawili wako kwenye umri wa mpira. Mkono unavutika. Lakini mama zao hawana chanjo, hivyo dang'a waliyonyonya haina kinga hiyo, na zizi ni la udongo na samadi. Kama daktari atakuja wiki hii na seramu, sawa. Kama hana, tunawaacha. Baada ya wiki sita watakuwa na mishipa inayoshikika na watahasiwa kwa badizo ileile, siku ileile tutakapokuja kukagua wanambuzi. Kusubiri huko hakuwapotezei chochote, na majike wanaanza ratiba ya chanjo ili uzazi ujao mpira uwe chaguo halisi.

Ndama wa miezi mitano ni wa badizo ya sentimita 40, akiwa ameangushwa na kufungwa vizuri.

Dume wa plau ndiye mgumu. Wakulima wengi humchelewesha kwa makusudi ili shingo na mabega yajae kwanza, na sina ugomvi nao, maana nguvu ya kuvuta wanaihitaji. Ila ucheleweshaji una gharama inayolipwa na mnyama. Katika miaka miwili mshipa ni mnene, ngozi ni nene, maumivu ni makali, na mtu anaweza kuumia. Huyu tunamwekea ile siku ya daktari: kibanio imara, ganzi pande zote mbili, badizo ya sentimita 48, na dawa ya maumivu. Kisu kwake kingekuwa na uhakika zaidi, na Juni inaruhusu. Lakini mishipa ya damu ya dume mkubwa hutoa damu nyingi, na usiku wa kwanza boma hili halina mtu wa kufunga mshipa ukiachia. Kama angekuwa karibu na kituo chenye daktari wa kudumu, ningesema kisu.

Mwisho wa Julai tunarudi. Kati ya wanambuzi saba, tuseme sita korodani zao zimenywea na kuwa ngumu. Wa saba, upande wa kulia umekufa, wa kushoto umejaa. Tunapima badizo kwa karatasi na uzi kabla ya kumlaumu aliyebana. Uzi unakatika sehemu zote tatu, kwa hiyo kifaa ni kizima na mshipa uliteleza. Anabanwa tena upande wa kushoto peke yake, mara mbili, mahali pasipogusa kovu la zamani ambalo bado linahisika kwa kidole, na anabaki zizi la madume kwa wiki sita nyingine. Dume wa plau anapapaswa akiwa kwenye kibanio, si akiwa amesimama malishoni, na hafundishwi nira hadi uvimbe uwe umekwisha na pande zote mbili zimethibitika.